Kobe wa Ogwedhi: Kuitambua Kalamu ya Wino kwa Picha

Wasikilizaji, leo nitazungumza juu ya picha ambazo ninyi hamzioni. Hilo halinitii hofu, kwa sababu najua wengi wenu mna kalamu ya wino mahali fulani nyumbani: ndani ya sanduku la bati la babu, kwenye mkoba wa mwalimu aliyestaafu, au chini ya droo pamoja na vikorokoro vya zamani. Kama iko karibu, ichukue uishike mkononi. Kama iko mbali, tega sikio tu. Nitaieleza pole pole mpaka uione.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza kalamu za wino. Majuzi dada mmoja wa Ogwedhi aliniletea picha mbili kwa WhatsApp. Ogwedhi, kwa asiyepajua, ni soko la kule Migori, upande wa kuelekea Trans Mara, mahali ambapo Mluo na Mmaasai wamezoeana kwa biashara ya ng'ombe na nafaka. Babu yake alikuwa karani wa chifu, enzi zile ambapo wilaya yote iliitwa Nyanza Kusini na makao yake yalikuwa Homa Bay. Mzee ameshatangulia mbele ya haki, na katika vitu vyake ikapatikana kalamu nyeusi, imekauka, imekaa kimya miaka mingi.

Picha ya kwanza ilikuwa ya ncha. Ya pili ilikuwa ya mwili wa kalamu, yaani ile sehemu ndefu inayobaki nyuma ya vidole unapoandika. Chini yake akaandika: "Shikamoo mwalimu. Hii nibu ni ya aina gani, na wino unaingilia wapi? Kaka yangu anasema lazima mwili ufunguke, na ameshaleta koleo."

Neno koleo lilinitoa kitini. Nikamjibu upesi: "Marahaba, dada. Mwambie kaka aliweke koleo chini kwanza. Tuitazame kalamu kabla hatujaishika."

Sasa tuanze na ile ncha.

Kalamu nyingi za wino nibu yake iko wazi. Unaona kipande cha metali chenye umbo la jembe dogo, kina tundu katikati na mpasuo unaoshuka mpaka kwenye ncha. Nibu ya namna hiyo hujieleza yenyewe. Mgongoni mwake huwa kumechorwa jina la kiwanda, na kama ni ya dhahabu utakuta alama kama 14K au 585. Maana yake ni kwamba katika sehemu 1000 za metali ile, sehemu 585 ni dhahabu. Picha moja iliyopigwa vizuri inatosha.

Lakini nibu ya dada yetu haikuwa wazi. Ilikuwa imefunikwa na gamba la plastiki nyeusi, na kilichobaki nje ni ncha ndogo tu, kama kobe anayechungulia. Hii ndiyo nibu ya gamba, na mtindo wake ulipata umaarufu duniani kwa kalamu ya Parker 51, iliyotoka mwaka 1941 katika kiwanda cha Parker, mjini Janesville, Marekani. Gamba lile halikuwekwa kwa urembo. Wino wa kalamu ile ulitengenezwa ukauke haraka sana kwenye karatasi, na wino wa namna hiyo, nibu ikiwa wazi, ungekauka kwenye nibu yenyewe kabla mtu hajamaliza sentensi. Gamba liliizuia hewa.

Nikiishia hapo, ningeweza kumwambia dada, "Hongera, una Parker 51," nikanyamaza. Na ningekuwa nimebahatisha, kwa sababu kobe wenye gamba kama hilo ni wengi. Parker wenyewe walitoa nyingine ya bei nafuu iitwayo Parker 21 mwaka 1948, gamba lilelile, lakini nibu yake si ya dhahabu. Mwaka 1956 wakatoa Parker 61, nayo ya gamba. Halafu kuna Hero 616 ya Shanghai, Uchina, ambayo watu wengi wa umri wangu tuliijua shuleni na maofisini, nayo ilifuata umbo la Parker. Ukiziweka hizi nne mezani, ukapiga picha ya ncha kutoka juu, hata fundi atasita.

Kwa hiyo ncha ya kobe inakupa nini? Inakupa vidokezo vitatu, na kila kimoja kina mpaka wake.

Kidokezo cha kwanza ni alama juu ya gamba. Ukiona kishale kidogo cha metali kimepachikwa kwenye gamba, kikielekea nibu, hiyo ni dalili ya Parker 61. Cha dada hakikuwapo. Tukaiweka 61 kando, ingawa kwa tahadhari, maana vishale vile vilikuwa na tabia ya kung'oka. Vikitoka, huacha kovu lenye umbo la kishale. Nilikuza picha nikatafuta kovu. Gamba lilikuwa laini tupu.

Kidokezo cha pili ni rangi. Ncha yenye rangi ya manjano huenda ni dhahabu, na nyeupe huenda ni chuma. Nasema huenda, kwa sababu chuma hupakwa rangi ya dhahabu, na taa ya umeme yenye mwanga wa njano huigeuza sufuria ya aluminiamu ikawa mali ya mfalme. Isitoshe, ile alama ya 14K katika kalamu ya gamba imefichwa chini ya gamba lenyewe. Hakuna picha itakayoionyesha mpaka gamba litolewe, na kulitoa ni kazi ya fundi anayetumia joto la kipimo, kwa sababu limegandishwa. Basi mtu akikuonyesha picha ya nibu ya gamba akakwambia, "Hii ni dhahabu, nipe bei ya dhahabu," muulize ameuona wapi mhuri. Ya dada ilikuwa manjano, hata kwenye kingo ambako rangi ya kupaka huanza kufifia. Nikasema: inaelekea kuwa dhahabu. Sikuongeza neno.

Kidokezo cha tatu ni umbo la ncha kabisa, pale panapogusa karatasi. Na hapa, wasikilizaji, ndipo picha ilipoanza kunichanganya.

Mwishoni mwa kila nibu nzuri kuna kichwa kidogo, kisichozidi milimita moja hivi, cha metali ngumu ya jamii ya platini. Watu wa kalamu wamezoea kukiita iridiamu, hata pale ambapo iridiamu ni kidogo au haimo. Kichwa hiki ndicho kinachoipa nibu jina lake la pili. Kikiwa duara, tunazungumzia unene wa mstari: nyembamba, wastani, nene, zile herufi F, M na B. Kikiwa kimesawazishwa mbele kama patasi, huandika mistari minene ya kushuka na myembamba ya kupita. Na kikiwa kimekatwa mshazari, kama ukucha wa kidole gumba uliokatwa upande, hiyo ni nibu ya mshazari, iliyotengenezwa kwa mtu anayeigeuza kalamu mkononi anapoandika.

Katika picha ya dada, ncha ilionekana imeinama upande. Meno mawili ya nibu, yale yanayogawanywa na mpasuo, hayakuonekana sawa. Jino la kushoto lilikuwa kama limelika kona. Je, ni nibu ya mshazari kutoka kiwandani?

Nikamwomba picha mbili zaidi za ncha. Moja kutoka ubavuni, kalamu ikiwa imelala juu ya karatasi nyeupe ya daftari. Nyingine ncha ikiitazama kamera uso kwa uso, kama unavyoitazama sindano kabla ya kupitisha uzi. Nikampa na masharti. Usitumie mwanga wa simu, maana kichwa cha nibu kinang'aa kama kioo na utapata doa jeupe tu. Kaa karibu na dirisha asubuhi, mwanga uje kutoka upande. Usiivute picha kwa kukuza. Sogeza simu mpaka inapoanza kutia ukungu, kisha rudi nyuma kidogo. Kama una lenzi ya kusomea ya mzee, iweke mbele ya kamera ya simu. Lenzi ile ni darubini ya bure.

Picha zikaja, na zilikuwa safi. Ndipo nikaona ukweli wa ule mshazari.

Nibu ya mshazari ya kiwandani hukatwa mbele. Ukiitazama kutoka juu, jino moja ni fupi kuliko lingine, na mstari wa mkato unapita meno yote mawili kwa unyoofu, kama umepigwa rula. Kingo zake zinaonekana. Lakini hii ya Ogwedhi, ukiitazama uso kwa uso, meno yote mawili yalifika mahali pamoja. Kilichopungua kilikuwa chini, upande wa kushoto: pale kwenye kichwa cha duara palikuwa na kibapa kidogo kinachong'aa, kingo zake zimeviringika, kama kisigino cha kiatu kilicholika upande mmoja. Huo si mkato wa jiwe la kiwanda. Hiyo ni karatasi. Metali ile ni ngumu sana, lakini ukiiburuza kwenye madaftari ya kodi, ya vizazi na vifo, ya mashauri ya ng'ombe na mipaka, mwaka baada ya mwaka, mkono ukiwa umeinama vilevile siku zote, karatasi inashinda.

Nikamwandikia dada: nibu yako ni ya gamba, ncha ya duara, iliyolika kwa kuandika. Akauliza ni F au M. Nikamwambia achovye ncha tu katika wino, bila kujaza kitu, achore mistari kadhaa kando ya rula, apige picha. Kuchovya hakudhuru. Kwa kawaida mstari wa karibu nusu milimita tunauita F, unaoelekea robo tatu ya milimita M, na wa milimita nzima B, ingawa kila kiwanda kina kipimo chake. Wake ulikuwa kama M. Lakini ncha iliyolika huandika mstari mnene kuliko ilivyozaliwa, kwa sababu kibapa kinagusa karatasi kwa eneo kubwa. Inawezekana ilianza maisha yake ikiwa F. Kwa hiyo nikaandika "sasa hivi inaandika kama M", na hapo ndipo picha inaponiruhusu kufika.

Haya, tumefika kwenye mwili. Wino unaingilia wapi?

Picha ya kwanza ya mwili ilikuwa imepigwa usiku, kwa mwanga wa simu. Ilionyesha kitu cheusi, kirefu, laini, chenye mng'ao mmoja mrefu katikati. Hakukuwa na wenzo pembeni. Hilo lenyewe ni habari. Kalamu nyingi za zamani zina kijiti cha metali kilicholala ubavuni mwa mwili. Unakiinua kwa ukucha, kinaibana mpira ulio ndani, unakiachia, mpira unavuta wino. Huo ni mtindo wa wenzo, ambao Walter Sheaffer aliupatia hataza mwaka 1908. Ukiuona kwenye picha, kazi imekwisha. Hapa haukuwapo.

Swali linalofuata ndilo lililokuwa na uzito wote, na ndilo kaka mwenye koleo hakuliuliza: je, mwishoni mwa mwili, upande wa mkia, kuna kiungio? Yaani kuna mstari mwembamba unaouzunguka mwili, unaoonyesha kwamba kipande cha mwisho ni tofauti?

Katika kalamu nyeusi iliyotengenezwa kwa ustadi, mstari huo ni mwembamba kuliko unywele. Mwanga wa simu unaufuta kabisa. Nikamwomba dada arudi dirishani, ailaze kalamu juu ya karatasi, apige picha ya mkia, aizungushe kidogo, apige tena, aizungushe, apige tena. Mara tatu. Kama ni mkwaruzo, utakuwapo upande mmoja tu. Kama ni kiungio, utaonekana katika picha zote tatu, mahali palepale.

Ulionekana katika zote tatu.

Kwa nini mstari huo una uzito hivyo? Kwa sababu unatenganisha njia mbili. Mkia usio na kiungio, katika kalamu ya gamba ya aina hii, kwa kawaida maana yake ni kwamba mwili wenyewe hufunguka. Unalishika gamba kwa mkono mmoja, mwili kwa mwingine, unazungusha pale penye ukanda wa metali, na ndani unakuta kikopo kirefu cha metali chenye ubapa wa kubonyeza. Ndani ya kikopo kuna kifuko laini, na ndani ya kifuko mna mrija mwembamba. Unaichovya nibu, unabonyeza mara kadhaa, wino unapanda. Parker 51 zilianza kujazwa hivyo mwaka 1948, na Parker 21 na Hero 616 zikafuata njia hiyohiyo. Ingekuwa hivyo, kaka angekuwa sahihi kuhusu kufungua, ingawa bado si kwa koleo.

Mkia wenye kiungio unasema jambo jingine: wino unaingizwa kwa kazi inayofanyika nyuma, na mwili huenda umefungwa usifunguke. Hapa napo kuna uwezekano wa aina tatu, na picha ya nje haitoshi kuzitenganisha. Huenda kile kipande cha mkia ni kifundo kinachozungushwa kikavuta pistoni ndani, kama katika kalamu za Pelikan za Ujerumani tangu mwaka 1929; hicho hakitoki, kinarudi nyuma kidogo tu. Huenda ni kizibo kinachotoka, na chini yake kuna kitufe kifupi cha metali kinachobana mpira. Au huenda ni kizibo kinachotoka, na chini yake kuna kijiti chembamba cha kusukuma, chenye springi.

Nikamwambia dada: kwa vidole tu, bila kitu kingine, jaribu kukizungusha kile kipande cha mkia kinyume cha saa. Kikikataa, acha. Akanijibu baada ya kitambo kwamba kimetoka, na picha yake hii hapa. Ndani palikuwa na kijiti chembamba cha plastiki, cheupe kilichogeuka rangi ya chai.

Hapo nikatabasamu peke yangu. Hiyo ni Parker 51 ya mtindo wa kwanza, ule ulioitwa Vacumatic. Jambo moja lilibaki la kuangalia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Parker waliijaribu kwa muda mfupi 51 yenye kitufe, na ile hujulikana kwa mshipi mwekundu unaojitokeza ukitoa kizibo. Hapa hakukuwa na wekundu wowote.

Nieleze mtindo huu unavyofanya kazi, kwa sababu ndio unaoeleza kwa nini koleo lingeua. Katika Vacumatic hakuna kifuko cha wino. Mwili wenyewe ndio chupa. Nyuma kabisa, kati ya kijiti na wino, kuna kiwambo cha mpira, kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma ndogo. Ukikisukuma kijiti, kiwambo kinaingia ndani na kuifukuza hewa itoke kwenye nibu kupitia mrija. Ukikiachia, springi inakirudisha, nafasi inabaki ndani, na wino unapanda kuijaza. Msukumo mmoja huleta kidogo, kwa hiyo unarudia mara kumi hivi, nibu ikiwa ndani ya chupa wakati wote.

Sasa fikiri: kama mwili ndio chupa, maungio yake yote hayana budi kuzibwa yasivujishe. Kiwandani waliyagandisha kwa shelaki, ile gundi inayotokana na wadudu. Ukishika mwili kwa koleo ukanyonga, ukidhani utafunguka kama Hero yako ya shule, shelaki haiachii. Kinachoachia ni plastiki. Unapata ufa karibu na ule ukanda wa metali, na ufa wa hapo hauzibiki ukarudi kuwa chupa. Fundi huipasha joto la wastani kwanza, shelaki ilainike, ndipo anazungusha, na hata yeye hutumia mikono au koleo lililovikwa mpira.

Kuna dalili moja zaidi ambayo dada angeweza kuipima bila kufungua chochote. Nilimwambia akisukume kijiti taratibu kwa kidole, kikiwa kikavu, anieleze kinavyorudi. Kiwambo kizima hukupa ukinzani laini, na kijiti hurudi chenyewe. Akasema kinazama na kubaki kimelala, na kinatoa mlio wa mkwaruzo. Basi kiwambo kimekufa. Ni jambo la kawaida kabisa. Mpira wa umri huo hugeuka kuwa gundi au kuwa ganda. Vya kubadilishia bado vinatengenezwa. Kalamu haijafa, koo tu limekauka. Lakini asijaribu kuijaza, kwa sababu wino utapita nyuma ya kiwambo na kuila springi.

Mpaka hapa nimelijibu swali lake. Nibu ya gamba, ncha ya duara iliyolika, yaelekea ni ya dhahabu. Kujaza ni kwa kiwambo na kijiti, mtindo wa Vacumatic. Ningeweza kuaga. Lakini kulikuwa na habari ya ziada ambayo dada alinipa bila kuombwa, na kalamu ilikuwa na la kusema juu yake.

Aliniambia kwamba kwa hadithi ya nyumbani, kalamu hii mzee alipewa na ofisa mmoja Mzungu aliyekuwa akifunga virago mwaka 1963, Uhuru ulipokaribia. Kalamu mpya, zawadi ya kuagana.

Nikamwomba picha moja ya mwisho: mwili karibu na ukanda wa metali, mwanga ukiwa wa ubavu kabisa, karibu ulale. Hapo ndipo Parker wa Marekani walipogonga maandishi madogo, na kwa kalamu iliyoshikwa miaka mingi yamefifia kiasi kwamba yanaonekana kwa kivuli chake tu. Tukayapata. Jina la kalamu, nchi ya Marekani, na tarakimu moja: 5, ikiwa na vitone pembeni.

Tarakimu ile ni mwisho wa mwaka iliotengenezwa. Lakini mwaka upi? 1945 au 1955? Tarakimu peke yake haijibu. Anayejibu ni kiungio cha mkia. Parker 51 ilitoka mwaka 1941, na kiwanda kilianza kuuacha mtindo wa kijiti na kiwambo mwaka 1948. Kwa hiyo 5 yenye kijiti ni 1945. Hata kile kijiti cha plastiki kinaunga mkono: za mwanzoni kabisa zilikuwa na kijiti cha aluminiamu, mpaka vita vilipoifanya metali kuwa adimu.

Dada akakaa kimya muda. Kisha akaandika: "Kwa hiyo babu alitudanganya?"

Nikamwambia hapana. Picha zinaniambia siku kalamu ilipozaliwa. Hazinielezi siku iliyotolewa, wala mkono ulioitoa. Neno moja tu katika hadithi ya nyumbani ndilo lililoanguka, nalo ni "mpya". Ikiwa ofisa yule aliitoa kweli mwaka 1963, basi alitoa kalamu yenye umri wa miaka 18. Pengine ilikuwa yake mwenyewe, ile aliyokuwa akitilia sahihi, na huenda kwa mzee hiyo ilikuwa na uzito kuliko mpya ya dukani.

Na hilo limenilazimu nirekebishe maneno yangu mwenyewe. Mwanzoni nilipokiona kile kibapa kwenye ncha, nilisema kimechongwa na madaftari ya karani. Nilisema kwa uhakika mno. Ikiwa kalamu ilifika mkononi mwake ikiwa imeshaandika miaka 18, basi sehemu ya kibapa kile ilichongwa na mkono mwingine kabla yake, na mzee aliipokea ncha ikiwa imeinamia upande wa mtu mwingine. Alilazimika kuigeuza kalamu kidogo vidoleni ili iandike, au kuendelea kuikwangua mpaka imkubali. Ni kipi kati ya hivyo viwili, picha haisemi. Lakini dada ana madaftari ya mzee, yale aliyoyatunza. Nimemwomba atafute ukurasa wa mwaka 1964 na mwingine wa miaka kumi baadaye, aziweke dirishani asubuhi, apige picha.

Nazingojea.